Tageti, notisi na mzigo uliobaki: vifungu vitatu vya kusomwa pamoja

*Salaam aleikum, wakili. Nina duka la vifaa vya maji hapa Shimanzi. Kiwanda kimoja cha Uturuki kinataka kunipa uwakala wa pekee wa pampu zake za kisimani, Kenya nzima, kwa miaka mitatu. Mkataba walioniletea unasema ninunue pampu 800 kila mwaka. Nisipofikisha, wanaweza kuuvunja kwa notisi ya siku 30, na mzigo utakaobaki ni juu yangu. Nitie sahihi, au kuna la kubadilisha?*

Wa aleikum salaam. Usitie sahihi bado, bwana. Kiwanda huenda ni kizuri na pampu zake ni nzuri. Kinachonitia wasiwasi ni jinsi vifungu vile vitatu vinavyoshikana. Tageti inakusukuma ununue kuliko soko linavyohitaji, notisi ya siku 30 inakunyima muda wa kuuza ulichonunua, na kifungu cha mwisho kinakubebesha kilichobaki. Ukisoma kimoja kimoja huoni ubaya. Ukivisoma pamoja utaona kwamba kadiri unavyojitahidi kufikia tageti ndivyo hasara yako inavyozidi kuwa kubwa siku watakapokuacha.

Usitegemee kwamba mahakama itakuja kulainisha mkataba baadaye. Kenya haina sheria maalumu inayomlinda msambazaji anapoachwa na kiwanda, kwa hiyo kinga yako ni yale mliyoandikiana. Mkataba usiotaja muda wala notisi, hapo jaji anaweza kusema notisi ya haki ingekuwa kiasi gani. Lakini ukishaandika siku 30 na kutia sahihi, ni siku 30. Mahakama ya Rufani ilisema wazi mwaka 2001, katika kesi ya National Bank of Kenya na Pipeplastic Samkolit, kwamba kazi ya mahakama si kuwaandikia watu mkataba upya, na majaji wetu wanaurudia msimamo huo hadi leo.

Tena jua umesimama wapi. Karatasi inakuita wakala, lakini wewe hulipwi kamisheni. Unanunua pampu kwa fedha zako, unazilipia meli na forodha, unaziweka godauni lako, unauza kwa bei yako. Mzigo ukifika Mombasa ni mali yako, na mali yako isipouzika ni shida yako. Wakala wa kamisheni akiachwa anapoteza kazi. Wewe ukiachwa unapoteza kazi na unabaki na bidhaa.

Sasa tuuchukue mwaka mmoja tuupigie hesabu. Tuseme pampu moja inakugharimu dola 300 ikifika bandarini kwa masharti ya CIF Mombasa, yaani bima na nauli ya meli zikiwa ndani ya bei. Ukiongeza ada ya IDF ya tamko la uagizaji, tozo ya RDL ya kujengea reli, ushuru kama upo, kazi ya ejenti wa forodha na lori la kukuletea Shimanzi, imefika dola 360. VAT siihesabu kwa sababu utaidai. Unauza pampu 50 hivi kwa mwezi ukichanganya miezi mizuri na mibaya. Mwisho wa Oktoba umenunua pampu 610. Zimebaki 190 kufikia 800, na mtu wa kiwanda anakupigia simu kila wiki. Ili usipoteze uwakala unaagiza 200 kwa mkupuo, dola 60,000.

Kiwanda kinahitaji mwezi kuzitengeneza. Meli inaondoka Desemba. Tangu mwishoni mwa 2023 meli nyingi zimekuwa zikiikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kwa hiyo safari ya kutoka Mediterania hadi hapa, iliyokuwa fupi, imeweza kurefuka kwa wiki kadhaa. Kontena linafika Februari. Kiwanda kinafungua vitabu vyake na kusema: kufikia tarehe 31 Desemba ulipokea pampu 610, hukufikisha, hii hapa notisi. Wewe wakati huo una zile 200 mpya na nyingine 90 za zamani, zilizosalia tangu mwaka uliotangulia. Ndani ya siku 30 unauza 50. Zinabaki 240, zilizokugharimu dola 86,400, na wakala mpya ameshaanza kuuza modeli ile ile kwa bei ya kuvutia wateja. Ukilazimika kuziuza kwa dola 290 ili zitoke, umepoteza dola 70 kwa kila moja, yaani dola 16,800, kabla hujahesabu kodi ya godauni na riba ya benki.

Angalia palipotokea kosa. Uliagiza kwa wakati na kiwanda kikapokea agizo. Mkataba ndio haukusema pampu inahesabiwa lini. Kwa hiyo badiliko la kwanza la kudai ni sentensi moja tu: pampu inahesabiwa kwenye tageti siku kiwanda kinapothibitisha agizo kwa maandishi, ili mradi umelipa malipo ya awali mliyokubaliana. Kwa kipimo hicho una 810 na umefikisha. Ikihesabiwa siku ya kufika, unabeba ucheleweshaji wa kiwanda, wa meli na wa karatasi. Karatasi peke yake zinaweza kukuangusha: chini ya mpango wa PVoC wa KEBS, shirika la viwango la Kenya, mzigo unatakiwa uwe na cheti cha ubora kilichotolewa huko huko unakotoka, kabla haujapakiwa. Kiwanda kisipokitafuta, kontena linakwama Kilindini, unalipa faini za kuchelewa kulitoa, na tarehe zinaenda. Andika basi kwamba cheti hicho ni jukumu la kiwanda, na kila siku inayopotea kwa sababu yake, au kwa sababu ya modeli iliyokwisha kiwandani, inaongezwa kwenye muda wa tageti.

Hiyo namba 800 nayo imetoka wapi? Mara nyingi hutoka kwa meneja aliyetazama idadi ya watu wa Kenya kwenye ramani. Wewe unalijua soko. Katika Pwani pampu ya kisimani hutoka sana kiangazi kinaposhika, Januari na Februari, na tena kabla ya mvua za vuli. Mvua za masika zikianza kunyesha Kilifi na Kwale wateja wanatulia. Ukikubali tageti ya robo mwaka iliyogawanywa sawasawa, pampu 200 kila miezi mitatu, utaonekana umeshindwa kila masika hata kama mwaka mzima uko sawa. Omba tageti ihesabiwe kwa mwaka, na mwaka wa kwanza uwe wa kujenga soko, bila adhabu. Namba ya mwaka wa pili na wa tatu ipangwe kutokana na mauzo halisi ya mwaka uliopita, si kwa kuongeza asilimia iliyoandikwa kabla hujauza hata moja.

Ihesabiwe kwa pampu, isiwe kwa dola. Ikiwa kwa dola, kiwanda kikishusha bei tageti inapanda yenyewe, kwa sababu sasa unahitaji pampu nyingi zaidi kufikia fedha zile zile. Na shilingi ikianguka? Mapema 2024 dola ilipita shilingi 160, kisha kabla ya mwaka kuisha ikawa imerudi kwenye 129 au 130. Mteja wa Mariakani anayechimbiwa kisima analipa kwa shilingi. Bei ikiruka namna ile anaahirisha. Weka kifungu kwamba shilingi ikishuka zaidi ya asilimia 15 ndani ya miezi mitatu, pande mbili zinakaa kuipunguza tageti ya mwaka huo.

Chungulia pia kama wameficha mgao wa modeli. Mikataba mingine husema lazima sehemu fulani ya manunuzi iwe modeli zile wanazotaka zitoke kiwandani. Wewe unauza ukanda ambao visima vingi karibu na bahari vina maji ya chumvi. Chuma cha pua cha aina ya 304 huliwa na chumvi hiyo. Aina ya 316 ina molibdeni na hustahimili zaidi, ila ni ghali. Ukilazimishwa kubeba 304 nyingi, ndizo zitakazokaa godauni hadi katoni zifanye ukungu, au ndizo zitakazorudishwa dukani na mafundi baada ya miezi michache zikiwa zimetoboka vitundu kama vya sindano. Uchaguzi wa modeli ubaki kwako.

Swali linalofuata ni: ukishindwa kweli, itokee nini? Kuvunja mkataba mara moja ni adhabu kubwa mno kwa kukosa pampu 20. Napendelea ngazi. Ukifikisha angalau asilimia 80, hakuna kinachotokea. Ukiwa chini ya hapo kwa mwaka mmoja, kiwanda kinaweza kukuondolea upekee, yaani kikaruhusiwa kumweka mwuzaji wa pili, lakini mkataba wako unaendelea na tageti yako inashuka, maana soko sasa ni la watu wawili. Ukiwa chini miaka miwili mfululizo, hapo ndipo wanaweza kukupa notisi ya kuvunja. Kiwanda chenye nia njema hukubali ngazi hii kwa sababu kinapata njia ya kutoka bila kuingia kesini.

Kuna ofa moja wanayopenda kuleta: ukikosa tageti, upewe siku 60 uinunue ile tofauti. Inaonekana kama huruma. Lakini ni kukujazia mzigo kwa jina lingine, kwa sababu utanunua pampu ambazo soko halijazitaka, halafu mwaka ujao unaanza na godauni lililojaa. Ukiikubali, ikubali kwa sharti kwamba pampu hizo za kujazia zinarudishwa kwa bei kamili mkataba ukiisha kwa sababu yoyote ile.

Na upekee wenyewe uuandike kwa majina ya matendo. Iwe wazi kwamba kiwanda hakitamteua mwingine Kenya, wala hakitauza chenyewe kwa mteja wa Kenya, awe kaunti yenye tenda ya visima, shirika la misaada au mkandarasi. Kikipata mteja wa namna hiyo kikuletee, au kikulipe asilimia fulani na pampu hizo zihesabiwe kwenye tageti yako. Nimeona tageti zikishindwa kufikiwa kwa sababu oda kubwa kuliko zote za mwaka ilipita kando ya wakala, na bado yeye ndiye aliyeandikiwa barua ya kushindwa. Jambo dogo hapa: wakitaka kukuwekea bei ya chini ambayo usiuze chini yake, kataa. Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza kumlazimisha muuzaji bei ya chini. Wanaweza kupendekeza tu, na waseme wazi kwamba pendekezo hilo halikufungi.

Sasa notisi. Urefu wake usichaguliwe kwa mazoea. Chukua pampu unazoweza kuwa nazo siku ya barua, zilizoko godauni na zilizoko baharini, gawanya kwa mauzo yako ya mwezi. Katika mfano wetu ni 290 kwa 50, karibu miezi sita. Basi notisi ya kuvunja bila kosa iwe miezi sita, na ndani ya muda huo upekee wako uendelee, bei isipande, na maagizo yaliyothibitishwa yaletwe. Yale ambayo hayajapakiwa uwe na hiari ya kuyafuta bila faini na kurudishiwa malipo ya awali. Watu husahau hili: mkataba wa miaka mitatu unaweza kufa wenyewe siku ya mwisho bila notisi yoyote. Andika kwamba asiyetaka kuendelea aseme miezi sita kabla ya tarehe hiyo, na akinyamaza mkataba unaongezwa mwaka mmoja. Kwa makosa makubwa, kama kutolipa au kufilisika, notisi fupi ni haki, ila kosa linalorekebishika lipewe siku 30 za kurekebishwa kwanza.

Nimefika kwenye mzigo, na hapa ndipo ningekaza zaidi kuliko kote. Kifungu kisemacho kilichobaki ni juu yako kifutwe, badala yake uandikwe wajibu wa kiwanda kununua. Si hiari ya kununua. Rasimu nyingi husema kiwanda kinaweza kununua. Maana yake kitachagua modeli zinazotoka na kukuachia zilizolala. Bei iwe ile gharama kamili hadi godauni, dola 360 katika mfano wetu, siyo bei ya ankara ya kiwanda ambayo ni 300. Kwa uaminifu kwa upande wa pili, pampu zilizokaa sana zipunguzwe: zenye chini ya miezi 12 kwa bei kamili, za miezi 12 hadi 24 kwa asilimia 80, na zilizofunguliwa au kushika kutu zisinunuliwe. Tuseme kati ya zile 240, mpya ni 200 na za zamani 40. Unapata dola 72,000 na 11,520, jumla 83,520. Linganisha na ile hasara ya juu.

Kuzirudisha Uturuki ni hesabu mbaya: unalipa meli mara ya pili, na tozo ulizolipa Mombasa hazirudi kirahisi. Kwa hiyo kifungu kiseme kiwanda kinunue chenyewe au kimlete mnunuzi aliyeko Kenya. Kwa kawaida huyo ni wakala mpya. Wewe unamkatia ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi KRA, yenye VAT ya asilimia 16, yeye anaidai kwa KRA, na pampu zinatoka godauni moja kwenda jingine kwa lori. Lakini akishindwa kulipa, deni libaki kwa kiwanda. Hili la mwisho liandikwe waziwazi, kwa sababu mkataba wako ni na kiwanda, hauna chochote na huyo mgeni.

Ahadi ya kiwanda kilichoko mbali inahitaji kitu mkononi mwako. Silaha yako ni mkopo. Ukipewa mzigo kwa masharti ya kulipa baada ya siku 90, siku ya kuachana huenda unawadai na wao wanakudai. Weka haki ya kukata: kama deni lako ni dola 45,000 na wao wanatakiwa kununua mzigo wa 83,520, wanakulipa tofauti, 38,520, na deni lako limekwisha. Bila kifungu hicho watakudai 45,000 kwanza, na mzigo utajadiliwa baadaye, kama utajadiliwa.

Spea na waranti ziingie humo humo. Pampu uliyouza mwezi wa mwisho wa mkataba ina waranti ya miaka miwili, na mwenye kisima ataileta kwako kwa sababu risiti ina jina la duka lako. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, yeye anakudai wewe uliyemuuzia. Kiwanda kiahidi kuleta spea na kulipa kazi ya fundi hadi waranti ya pampu ya mwisho iishe, hata kama ulishaachwa.

Imebaki wapi mtagombana. Rasimu yako bila shaka inataja mahakama za Istanbul. Hukumu ya Uturuki haisajiliwi Kenya kwa njia ya mkato, kwa kuwa Uturuki haimo kwenye orodha ya nchi za Sura ya 43, sheria yetu ya kutekeleza hukumu za nje, na ya kwetu nayo kuitekeleza kule ni safari ndefu. Usuluhishi ni bora: Kenya iliingia Mkataba wa New York mwaka 1989 na Uturuki 1992, kwa hiyo uamuzi wa msuluhishi unatekelezeka pande zote mbili. Omba kikao kiwe Nairobi, kwenye kituo cha kimataifa cha usuluhishi kilichoanzishwa kwa sheria ya 2013.

Ila kuhusu sheria ya nchi gani itumike, usikimbilie kuifuta ya Uturuki. Kanuni yao ya Biashara namba 6102, kifungu cha 122, inampa wakala aliyeachwa fidia kwa wateja aliowajenga na ambao kiwanda kitaendelea kufaidi, hadi wastani wa mapato yake ya mwaka kwa miaka mitano iliyopita, na inamhusu pia msambazaji wa pekee. Haiwezi kuondolewa mapema kwa mkataba, na dai linatakiwa kuletwa ndani ya mwaka mmoja. Kenya hatuna kitu kama hicho. Mlipe wakili wa kule akuandikie maoni mafupi kama kifungu hicho kinamfikia msambazaji anayefanya kazi nje ya Uturuki kama wewe. Kikikufikia, waachie sheria yao na uchukue kikao cha Nairobi, nao watadhani wameshinda hoja moja.

Huwezi kupata yote haya bila kutoa kitu. Toa ripoti ya mauzo na ya stoo kila mwisho wa mwezi, ikionyesha modeli na namba za mfululizo, na uwakubalie waje kuhesabu godauni wakitaka. Kwao hiyo ni faida kubwa. Kwako ripoti hizo ndizo zitakazothibitisha ni pampu ngapi zimebaki, za umri gani, na kwamba walikuwa wakijua. Wakikataa kila kitu, acha tageti na notisi zijadiliwe zaidi, lakini kifungu cha kununua mzigo usikiachie; na wakikikataa hicho, waambie utaagiza pampu 40 au 50 kwa mwezi bila upekee, na godauni lako lisiwe benki yao.